Jedwali lilipopatia mwaka 2022 na kukosea mwaka 2023: kisa cha kuhamisha mtaji kati ya sekta

Mwanzoni mwa Januari 2024 alinipigia simu dada mmoja ambaye kwa miaka kadhaa tumekuwa tukifuatilia naye soko la hisa la Marekani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. "Kaka, nimefuata jedwali hatua kwa hatua, na mwaka mzima uliopita soko limeniacha nyuma. Niambie nimekosea wapi." Kabla sijajibu akanitumia hesabu zake zote. Nimezipitia mara nyingi, na kwa ruhusa yake nazieleza hapa bila jina. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri kama huu jedwali la sekta linafanya kazi wapi na linaishia wapi.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Januari 2022 aliweka dola 10,000, akazigawa mafungu manne yaliyo sawa katika mifuko ya sekta nne: nishati, bidhaa za lazima, afya, na huduma za umma, yaani kampuni za umeme, gesi na maji. Januari 2023 aliuza nishati na kugawa fedha zote sawasawa katika zile tatu zilizobaki. Hakukurupuka. Kila hatua ilitoka kwenye jedwali ambalo wachambuzi wengi wa masoko hulitumia, kwa namna moja au nyingine.

Jedwali lenyewe

Kampuni kubwa 500 za Marekani zilizo kwenye fahirisi ya S&P 500 zimegawanywa katika sekta 11. Fikra ya kuhamisha mtaji ni kwamba sekta hizo hazipandi wala kushuka kwa pamoja. Uchumi unapotoka shimoni kuna zinazotangulia, unapokuwa umeiva kuna nyingine, na unapoteleza kuna nyingine tena. Kwa ufupi, mpangilio huwa hivi:

| Hatua ya mzunguko | Dalili zake | Sekta zinazoelekea kutangulia | Sababu |
|---|---|---|---|
| Mwanzo wa kupanda | Riba iko chini, mikopo inaanza kutoka, ajira bado dhaifu | Bidhaa zisizo za lazima, fedha, viwanda na mitambo, malighafi, majengo na ardhi | Mkopo rahisi unarudisha ununuzi wa magari, nyumba na mashine |
| Katikati | Faida zinakua, riba imetulia au inapanda taratibu | Teknolojia, mawasiliano | Kampuni zina fedha za kununua vifaa na programu |
| Mwisho wa kupanda | Ajira zimejaa, mfumuko wa bei uko juu, benki kuu inabana | Nishati, malighafi, bidhaa za lazima, afya, huduma za umma | Anayeuza mafuta na madini anapandisha bei, na wenye hofu wanaanza kukimbilia usalama |
| Mdororo | Uzalishaji na ajira vinashuka, riba inakatwa | Bidhaa za lazima, afya, huduma za umma | Sabuni, dawa na umeme hununuliwa hata kipato kikipungua |

Neno "zinazoelekea" limewekwa kwa makusudi. Hili ni jedwali la mwelekeo, na kila safu yake imewahi kukosea. Hata mdororo wa 2020 uliipindua: katika mwaka ambao uchumi ulifungwa, teknolojia ilirudisha karibu asilimia 44 kwa sababu watu walihamishia kazi na ununuzi mtandaoni, huku nishati ikipoteza takriban theluthi moja ya thamani yake. Mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifika hasi dola 37 na senti kadhaa kwa pipa tarehe 20 Aprili mwaka huo. Muuzaji alimlipa mtu amwondolee mafuta.

Nikifundisha jambo hili huwa naomba watu waiangalie safu ya mwisho, ile ya sababu, kabla ya safu ya sekta. Wengi hukariri majina ya sekta na kuiacha sababu, na huyu dada alifanya hivyo hivyo. Safu ile ukiisoma vizuri utaona ina nguvu mbili tu zinazojirudia: riba na faida. Bei ya hisa ni faida ambayo watu wanaitarajia, ikipunguzwa kwa kiwango cha riba. Sekta inatangulia kwa sababu faida yake inakua kuliko za wenzake, au kwa sababu riba inaibana kidogo kuliko inavyowabana wenzake. Hatua ya mzunguko ni jina la mkato la kusema ni nguvu gani kati ya hizo mbili inasukuma sasa.

Januari 2022: alisoma sawasawa

Kwa tukio la kwanza anastahili sifa. Mwishoni mwa 2021 mfumuko wa bei Marekani ulikuwa asilimia 7 kwa mwaka. Ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 4. Benki kuu ilikuwa imeshatangaza wazi kwamba itaanza kupandisha riba, na kweli ilianza Machi 2022. Dalili zote tatu za mwisho wa kupanda zilikuwa mezani, na jedwali likasema nishati pamoja na sekta za kujihami, yaani bidhaa za lazima, afya na huduma za umma.

Mwaka ule ulimpa haki. Nishati ilirudisha asilimia 65.7 kwa kuhesabu gawio. Huduma za umma zilipata asilimia 1.6, bidhaa za lazima zikapoteza asilimia 0.6 na afya asilimia 2.0. Wastani wa mafungu yake manne ni asilimia 16.2. Fahirisi nzima ilipoteza asilimia 18.1. Dola zake 10,000 zikawa takriban 11,618, wakati aliyeshika soko zima alibaki na 8,190.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali la kwanza. "Ukiondoa nishati, umepata nini?" Akanyamaza kidogo, akapiga hesabu. Sekta tatu za kujihami peke yake zilimpa wastani wa hasara ya theluthi moja ya asilimia moja. Zilimlinda, na kujilinda katika mwaka kama ule ni jambo kubwa. Ila faida yote, hadi dola ya mwisho, ilitoka kwenye robo moja ya fedha zake.

Na je, nishati ilipanda kwa sababu iliyoandikwa kwenye jedwali? Kwa sehemu, ndiyo. Mahitaji yalikuwa yamerudi baada ya janga la korona, na kampuni za mafuta, zikiwa bado na kumbukumbu ya ile bei hasi, zilikuwa zimekata bajeti za uchimbaji. Lakini tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na Machi bei ya mafuta ya Brent ikavuka dola 120 kwa pipa. Vita haviko kwenye jedwali lolote. Aliyeshika nishati Januari alikuwa amesoma mzunguko sawasawa, kisha akapokea nyongeza ambayo hakuna aliyeipangia.

Nalisema hili kwa sababu linaharibu kipimo. Mtu akipata asilimia 16 wakati soko linapoteza 18, moyo unamwambia jedwali limethibitika. Angepaswa kuuliza ni sehemu gani ya ushindi ilitokana na kusoma hatua ya mzunguko, na sehemu gani ilitokana na tukio lililokuja pembeni. Yeye hakuuliza, na imani aliyoingia nayo 2023 ilikuwa kubwa kuliko ushahidi aliokuwa nao.

Kwa nini teknolojia ilianguka

Kosa la 2023 lilizaliwa humu, ndani ya 2022, katika jinsi alivyosoma anguko la teknolojia. Sekta hiyo ilipoteza asilimia 28.2 mwaka ule. Mawasiliano, ambako ndiko waliko wamiliki wa Google na Facebook, ilipoteza karibu asilimia 40. Bidhaa zisizo za lazima zilipoteza asilimia 37. Yeye aliona hivi: sekta za mwanzo na katikati ya mzunguko zinaporomoka, basi soko linaona mdororo unakuja.

Tazama hesabu hii ndogo. Kampuni inayotarajiwa kukulipa dola 100 baada ya miaka 10 ina thamani ya dola 82 leo kama riba ni asilimia 2. Riba ikiwa asilimia 5, thamani yake ni dola 61. Imepoteza robo ya bei bila ya kupoteza hata dola moja ya ile 100. Sasa chukua kampuni inayokulipa dola 100 mwaka ujao: inashuka kutoka dola 98 hadi dola 95 tu. Kampuni ambazo faida zake nyingi ziko mbali, na teknolojia imejaa kampuni za aina hiyo, huumizwa na riba kuliko zile zinazolipa sasa.

Ndicho kilichotokea kwa kiasi kikubwa. Mwanzoni mwa 2022 wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban mara 21 ya faida ambayo kampuni za S&P 500 zilitarajiwa kupata mwaka uliofuata. Kufikia Oktoba walikuwa wanalipa takriban mara 15. Faida zenyewe hazikuporomoka. Nguvu iliyoshusha bei ilikuwa riba.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu nguvu mbili hizo hazigeuki kwa wakati mmoja. Bei iliyoshushwa na faida hurudi pale faida inapoonekana kurudi, na hilo hungoja uchumi. Bei iliyoshushwa na riba inaweza kurudi mara tu watu wanapoamini kwamba riba imekaribia kilele, hata kama uchumi haujafanya lolote.

Siku yenyewe inaweza kutajwa. Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2022, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York, ilitolewa takwimu ya mfumuko wa bei wa Oktoba: asilimia 7.7, chini ya ilivyotarajiwa. Juni ilikuwa 9.1. Kufikia jioni S&P 500 ilikuwa imepanda asilimia 5.5 na fahirisi ya Nasdaq, iliyojaa teknolojia, zaidi ya asilimia 7. Siku ile hakuna mtu aliyeajiriwa zaidi wala kiwanda kilichofunguliwa. Kilichobadilika ni matarajio ya riba, na waliotangulia kupanda ni wale wale waliotangulia kushuka. Soko lilikuwa limeonyesha wazi ni nguvu gani inayosukuma mambo. Dada yetu alikuwa kwenye nishati na dawa. Aliiona siku ile kama mpapatiko wa kupita.

Januari 2023: alisoma hatua ambayo haikuja

Hoja yake ya kuingia kwenye sekta za mdororo haikuwa ya kijinga, na wataalamu wengi waliishika. Tangu Julai 2022 hati fungani za serikali za miaka 2 zilikuwa zinalipa riba kubwa kuliko za miaka 10. Kwa kawaida anayekopesha kwa muda mrefu hulipwa zaidi. Hali ikipinduka, maana yake soko linatarajia riba itakatwa huko mbele, na kihistoria Marekani mpinduko wa namna hiyo umetangulia midororo mara nyingi sana. Juu ya hapo, kipimo cha mameneja wa ununuzi viwandani kilishuka chini ya 50 Novemba 2022, yaani viwanda vilikuwa vinasinyaa, na kilibaki chini ya 50 kwa miezi 16 mfululizo.

Mwaka 2023 ukaja hivi: huduma za umma hasi asilimia 7.1, bidhaa za lazima chanya asilimia 0.5, afya chanya asilimia 2.1. Wastani wake ni hasara ya asilimia 1.5. Fahirisi nzima ilirudisha asilimia 26.3. Teknolojia peke yake ilirudisha karibu asilimia 58, na mawasiliano karibu 56.

Mdororo haukuja. Januari 2023 ukosefu wa ajira ulishuka hadi asilimia 3.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1969. Kwa nini riba kali namna ile haikuvunja uchumi? Sababu moja ni kubwa kuliko nyingine na ni ya kimfumo: Wamarekani wengi wenye nyumba wana mikopo ya miaka 30 ya riba isiyobadilika, na wengi waliichukua au kuifanya upya riba ilipokuwa chini sana 2020 na 2021. Benki kuu ilipopandisha riba, malipo yao ya mwezi hayakusogea. Kampuni kubwa nyingi nazo zilikuwa zimekopa kwa muda mrefu katika kipindi kile kile. Kamba ambayo kwa kawaida huvuta uchumi chini riba inapopanda ilikuwa imelegea.

Na hapa kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kuliona kwa sababu lina safu moja tu ya hatua. Mwaka 2023 kulikuwa na mizunguko miwili ndani ya uchumi mmoja. Viwanda na bidhaa vilikuwa kwenye mdororo wao baada ya watu kununua vitu vingi kupita kiasi wakati wa janga. Huduma, kama safari, hoteli na matibabu, zilikuwa bado zinapanda kwa sababu zilichelewa kufunguliwa. Kipimo cha viwanda kilisema kweli kuhusu viwanda. Yeye alikichukua kama habari ya uchumi wote.

Nilimwuliza kama kulikuwa na kitu kwenye skrini yake ambacho kingemwonya. Kulikuwepo vitu viwili. Cha kwanza ni maombi mapya ya mafao ya kukosa kazi, yanayotolewa kila Alhamisi. Mdororo wa kweli huanza kwa maombi hayo kupanda wiki baada ya wiki, na mwaka 2023 hayakufanya hivyo. Cha pili ni uwiano ambao mtu yeyote anaweza kuuchora bure:

```
XLY / XLP
```

Huu ni mfuko wa bidhaa zisizo za lazima ukigawanywa kwa mfuko wa bidhaa za lazima. Ukipanda, soko linaweka fedha kwa mnunuzi mwenye uhakika wa kesho. Ukishuka, linajihami. Uwiano huu ulianza kupanda Januari 2023 na haukumngoja mtu.

Lakini nisiufanye uwiano huu kuwa kitu safi kuliko ulivyo. Ndani ya sekta ya bidhaa zisizo za lazima wamo Amazon na Tesla, na hao wawili peke yao hubeba sehemu kubwa sana ya mfuko. Amazon ilipanda takriban asilimia 81 mwaka 2023 na Tesla zaidi ya maradufu. Mwaka uliotangulia walikuwa wameanguka kwa nusu na kwa karibu theluthi mbili. Mtu anadhani anapima hali ya mnunuzi wa magari na samani, kumbe anapima kampuni mbili. Njia bora ni kuchora uwiano huo huo kwa mifuko yenye uzito sawa, ambamo kampuni kubwa na ndogo zina sauti moja. Hata fahirisi yenyewe ya S&P 500 kwa uzito sawa ilirudisha asilimia 13.9 mwaka 2023, karibu nusu tu ya ile ya kawaida. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya umbali ambao soko lilimwacha ilitokana na kampuni chache kubwa mno zilizobebwa na matarajio ya akili bandia, si na hatua yoyote ya mzunguko.

Ndiyo maana sikubali kumlaumu kwa pengo lote la 2023. Sehemu yake ni kosa la kusoma hatua. Sehemu nyingine ni kwamba majina ya sekta hayatuambii tena kilichomo ndani. Mwaka 2018 waandaaji wa mgawanyo huu walihamisha kampuni mama ya Google na ya Facebook kutoka teknolojia kwenda mawasiliano, sekta ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya makampuni ya simu yanayolipa gawio kubwa na kupanda polepole. Mtu anayetumia rekodi ya miaka ya nyuma kusema "mawasiliano hufanya hivi wakati huu" anazungumzia kitu kingine kabisa.

Hesabu ya miaka miwili

Nilipomaliza kumweleza haya alitaka kufuta kila kitu na kununua fahirisi. Nikamwambia tumalize hesabu kwanza. Mwisho wa 2023 fedha zake zilikuwa dola 11,444. Aliyeshika soko zima tangu Januari 2022 alikuwa na dola 10,344. Alikuwa bado mbele kwa dola 1,100, kabla ya ada na kodi.

Hilo lilimshangaza. Uchungu wa mwaka mmoja ulikuwa umemsahaulisha mwaka uliotangulia. Kisha nikamwonyesha safu ya tatu: kama angeacha nishati nje tangu mwanzo na kushika zile tatu tu kwa mafungu sawa miaka yote miwili, angekuwa na takriban dola 9,817, nyuma ya soko. Ubora wote wa mkakati wake ulitegemea uamuzi mmoja, wa Januari 2022, katika sekta ambayo wakati ule ilikuwa na uzito wa asilimia chache tu katika fahirisi.

Watafiti watatu, Jacobsen, Stangl na Visaltanachoti, waliwahi kulipima jedwali hili kwa data za Marekani za 1948 hadi 2007. Walimpa mwekezaji wa kufikirika kipawa ambacho hakuna mtu anacho: ajue bila kosa kila hatua inaanza na kuisha lini. Hata hivyo ziada aliyopata juu ya soko haikuzidi asilimia 2.3 kwa mwaka, na ilipungua haraka walipomwondolea kipawa hicho. Nadhani namba hiyo ndiyo yenye manufaa kuliko zote katika mada hii, kwa kuwa inaweka dari. Anayetarajia zaidi ya hapo kwa kusoma hatua tu anatarajia kuwa bora kuliko mtu anayejua kesho.

Kujua hatua kwenyewe ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya NBER, inayoamua rasmi tarehe za mizunguko ya Marekani, ilisema mdororo wa korona ulifika chini Aprili 2020. Tangazo hilo lilitoka tarehe 19 Julai 2021. Siku ya tangazo S&P 500 ilikuwa karibu maradufu ya kiwango chake cha chini cha Machi 2020. Hatua ya "mwanzo wa kupanda" ilithibitishwa wakati sehemu nono ya kupanda ilikuwa imekwisha kuliwa.

Tulichobadilisha

Hakuliacha jedwali. Alilibadilisha matumizi. Kwanza, haingii tena na fedha zote katika hatua moja. Anashika fahirisi kama msingi, na kiasi anachohamisha kati ya sekta ni robo tu ya mtaji, ili akikosea kama 2023 pengo lisiwe la kumkosesha usingizi. Ni uamuzi wa tabia zaidi kuliko wa hesabu, na nauheshimu kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, kabla ya kuhamisha anaandika sentensi moja yenye mojawapo ya maneno mawili, riba au faida, pamoja na ishara itakayoonyesha kwamba amekosea. Mfano wa ile ya Januari 2023 ungekuwa: "Nanunua sekta za kujihami kwa sababu faida za kampuni zitashuka, nimekosea kama kufikia Aprili maombi ya mafao ya kazi hayajapanda." Aprili ingefika, maombi yangekuwa hayajapanda kwa namna ya mdororo, na angetoka akiwa amekosa robo ya mwaka, si mwaka mzima.

Mpango huo mpya aliuanzisha kwa fedha mpya tu. Zile za zamani aliamua kuziacha katika sekta zake tatu, kwa mafungu sawa, mwaka 2024, kwa sababu riba za hati fungani zilikuwa bado zimepinduka na hakuwa tayari kukiri kwamba mdororo hautakuja. Sikumzuia. Mwaka huo huduma za umma zilirudisha asilimia 23.4, bidhaa za lazima 14.9 na afya 2.6. Mwisho wa 2024 akawa na takriban dola 13,000, na soko zima lingempa 12,930. Miaka mitatu, maamuzi mawili makubwa, na tofauti ya dola 70 hivi.

Mdororo haukuja mwaka huo pia. Huduma za umma zilipaa kwa kiasi kikubwa kwa sababu soko lilitambua kwamba vituo vya data vinahitaji umeme mwingi kuliko uliopo, jambo ambalo halina uhusiano na kujihami. Aliponitumia picha ya daftari lake, kwenye safu ya sababu mbele ya sekta hiyo, neno "mdororo" lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake ameandika kwa kalamu nyingine: "umeme wa vituo vya data, sikuliona."